Kuandika ujumbe mfupi wa shukrani kwa wateja wa duka la mtaani

Desemba ya mwaka 2022 niliwatumia wateja 64 wa duka langu hapa Umoja, Nairobi, ujumbe wa kuwashukuru, na jibu la kwanza lililorudi, kabla hata ya dakika kumi kwisha, lilisema: "Sawa bosi, nitalipa Ijumaa." Mtu huyo alikuwa na deni la shilingi 340 katika daftari langu, na mimi wala sikuwa nalikumbuka wakati ule. Jioni hiyo mwingine alikuja dirishani akasukuma noti ya 200 kupitia kwenye wavu bila kunitazama usoni, kisha akaondoka bila kununua kitu. Wa tatu, mama ambaye hajawahi kukopa hata kiberiti, aliniandikia kuniuliza ofa ni ya nini na itakwisha lini.

Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: "Mpendwa mteja wetu mwaminifu, tungependa kuchukua fursa hii kukushukuru kwa dhati kwa kuendelea kutuunga mkono mwaka huu wote. Tunathamini sana uaminifu wako. Tunakukaribisha tena dukani kwetu kwa bidhaa bora na bei nafuu. Mungu akubariki wewe na familia yako. Uongozi wa duka."

Nilikuwa nimeunakili, kwa sehemu kubwa, kutoka katika ujumbe ambao maduka makubwa hutuma, na sikuona kasoro yoyote hadi majibu yalipoanza kuingia. Kasoro kubwa imo katika neno moja. Aliyeandika "mteja mwaminifu" kwa mara ya kwanza alitaka kusema mteja asiyehamahama, lakini katika Kiswahili cha watu mwaminifu ni mtu anayeweza kuaminiwa na mali au fedha ya mwenzake, mtu anayelipa alichoahidi kulipa. Ukimwita hivyo mtu ambaye jina lake limo katika daftari la madeni, na ukalirudia neno katika sentensi inayofuata kwa kusema kwamba unathamini uaminifu wake, atasoma kejeli. Yule wa shilingi 340 alinielewa vizuri kabisa kwa Kiswahili nilichomwandikia.

Tangu hapo nimeandika shukrani kwa njia nyingine, na ndiyo ninayoieleza hapa, kwa mwenzangu mwenye duka la ukubwa kama wangu: chumba kimoja chini ya ghorofa, dirisha lenye wavu, mtu mmoja au wawili wa kuuza, na wateja ambao wengi wao huwajua kwa sura, kwa mlango na kwa kile wanachonunua.

Kwanza, waandike utakaowashukuru

Usianze na simu. Anza na karatasi tupu, uketi nayo wakati dukani kumetulia, kati ya saa nne na saa sita mchana, na uandike kwa kumbukumbu tu watu ambao wasipoonekana kwa siku tatu ungeuliza wako wapi. Kipimo hicho ni bora kuliko hesabu ya mauzo, kwa sababu mteja anayekuja mara moja kwa mwezi akanunua bidhaa za shilingi elfu nne si lazima awe wa karibu zaidi ya kijana anayenunua mkate na maziwa kila asubuhi. Mimi nilipofanya hivyo mara ya pili nilipata watu 41. Wale 23 waliobaki nje walikuwa wapita njia, na shukrani niliyowatumia mwaka uliotangulia iliwafikia kama tangazo kwa sababu kwao ilikuwa tangazo kweli.

Ukishapata orodha, weka alama kwa wale ambao walikupa nambari zao wenyewe kwa ajili ya kuwasiliana na duka, kwa mfano wale wanaokupigia uwawekee unga au uwapelekee mtungi wa maji. Hao unaweza kuwaandikia. Nambari ulizozipata kwa sababu mtu alilipa kwa M-Pesa ni jambo jingine: alikutumia fedha, hakukupa ruhusa ya kumwandikia, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye biashara apate ridhaa ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake binafsi kwa shughuli za kibiashara. Unaweza kusema kwamba shukrani si biashara. Hata hivyo mteja atakayeshangaa umeitoa wapi nambari yake hataingia katika mjadala huo, bali atakuonea shaka, na siku nyingine atalipa kwa noti. Kwa mtu wa namna hiyo kuna njia rahisi zaidi, nayo ni kumshukuru kwa mdomo dirishani, au kumwuliza kama angependa umwekee nambari yake.

Wenye madeni wasiondolewe katika orodha. Nilijaribu kufanya hivyo mwaka mwingine nikidhani ninaepusha aibu, kumbe majirani wa ghorofa moja huonyeshana ujumbe, na aliyekosa akajua kwa nini amekosa. Waandikie kama wengine, kwa maneno yale yale, ila uhakikishe kwamba hukumdai mtu huyo katika wiki iliyopita na hutamdai katika wiki inayofuata.

Pili, tafuta jambo moja alilolifanya

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ukiipita haraka hakuna ufundi wa maneno utakaokuokoa baadaye. Andika mwanzo wa sentensi, "Nakushukuru kwa," halafu ujilazimishe kuimalizia kwa tendo ambalo mteja alilifanya kwa miguu, kwa mikono au kwa subira yake, na ambalo lina wakati wake. Maneno kama kutuunga mkono, kutuamini au kuwa nasi si matendo. Mtu hawezi kukumbuka siku aliyokuunga mkono, lakini atakumbuka asubuhi aliyosimama kwenye baridi akisubiri ufungue.

Kwangu mimi tendo hilo lilipatikana kwa bahati mbaya. Mwezi wa Agosti kompresa ya friji ilikufa, na fundi alikaa wiki tatu akingoja kipuri. Maziwa yangu huletwa na pikipiki yakiwa kwenye kreti kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na bila friji paketi zilizobaki zilikuwa zikianza kuvimba kufikia mchana. Siku ya kwanza nilitupa paketi kumi na mbili. Siku ya pili niliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi kwamba maziwa yatakuwepo alfajiri tu, nikakitundika kwenye wavu, nikajua kwamba wateja watahamia kwenye duka la pili ambalo friji yake ilikuwa inafanya kazi na ambalo liko hatua sitini kutoka kwangu. Baadhi walihama, na sikuwalaumu. Lakini wengi walibadilisha ratiba yao. Mama mmoja wa ghorofa ya nne, ambaye kwa kawaida hutuma mtoto saa moja, alikuwa anashuka mwenyewe akiwa amejifunga leso juu ya nguo ya kulalia, anachukua paketi mbili, anapanda tena ngazi zote zile. Alifanya hivyo kwa wiki tatu bila kusema neno juu yake.

Jambo kama hilo lina sifa tatu zinazolifaa ujumbe. Alilifanya yeye, si mimi. Lilimgharimu kidogo. Na hakuna duka jingine lolote linaloweza kulitaja, kwa sababu halikutokea kwingine. Kipimo cha mwisho ninachokitumia ni kufunika jina la duka kwa kidole na kusoma ujumbe uliobaki: ikiwa kinyozi au muuza viatu anaweza kuutuma kwa wateja wake bila kubadilisha kitu, basi bado hujapata jambo lenyewe.

Angalia pia lisiwe jambo la kila mtu. Wenzangu kadhaa hupenda kukumbusha miezi ya amri ya kutotoka nje, iliyoanza tarehe 27 Machi mwaka 2020, ambapo watu walipaswa kuwa ndani kuanzia saa moja jioni na sisi tukawa tunahudumia msururu wa saa kumi na moja kama watu wa bandarini. Ni kumbukumbu nzuri, lakini ni ya nchi nzima, na mteja hataona kwamba unamsema yeye.

Je, mtu asiye na tukio lolote? Wapo wengi, na wasitungiwe. Kwa mteja ambaye amefanya tu kuja, taja kile anachokuja kukichukua na muda aliokichukua, kwa sababu huo nao ni ukweli unaoujua wewe peke yako. Mzee mmoja mstaafu amenunua mkate wa jioni kwangu tangu nilipofungua mwaka 2019, na hilo lilitosha.

Tatu, andika, kisha ukate

Andika rasimu ya kwanza kama ambavyo ungemwambia mtu huyo uso kwa uso kupitia dirishani. Usifungue barua ya mtu mwingine mbele yako. Rasimu yangu ya mwaka uliofuata ilikuwa ndefu mara mbili ya inavyotakiwa:

"Habari yako Mama Fulani, natumai u mzima wa afya. Napenda kukushukuru sana kwa sababu friji yangu ilipoharibika mwezi wa nane nilipata hasara kubwa, lakini wewe uliendelea kuja kuchukua maziwa alfajiri kwa wiki tatu nzima. Sasa friji imetengenezwa na maziwa baridi yapo siku nzima. Karibu tena. Asante sana."

Sentensi ya kwanza ilikwenda mara moja. Salamu ni adabu, na katika mazungumzo ya ana kwa ana singethubutu kuiacha, lakini katika ujumbe wa simu kutoka kwa mwenye duka maneno "natumai u mzima" humfanya msomaji asubiri ombi, kwa kuwa ndivyo maombi ya fedha yanavyoanza. Kumtaja kwa jina analoitwa hapo mtaani kunatosha kuwa salamu.

"Nilipata hasara kubwa" nayo niliiondoa, ingawa ilikuwa kweli, kwa sababu inahamisha macho kutoka kwa mteja kuja kwangu na inamwomba anihurumie. Huruma ni aina ya deni. Sentensi ya friji iliyotengenezwa ilinipa shida zaidi, maana niliiona kama habari tu, tena habari njema. Nilipoisoma kwa sauti nikasikia ni tangazo la maziwa baridi. Ikiwa ni lazima wateja wajue, kipande kingine cha boksi kwenye wavu kitawaambia.

Ikabaki "karibu tena." Juu ya hili wenye maduka hubishana, na wengine huniona ninazidisha. Mteja anapoondoka dirishani na chenji yake, karibu tena ni adabu tupu, na kutoisema kunaweza kuonekana kama kiburi. Lakini adabu hiyo ni ya mlangoni, wakati biashara imekwisha kufanyika. Ukiiweka mwishoni mwa shukrani iliyomfikia mtu akiwa nyumbani kwake, inageuza yote yaliyotangulia kuwa utangulizi, na msomaji anaona kwamba ulikuwa unaelekea hapo tangu neno la kwanza. Mimi huikata. Pamoja nayo hukata kila kitu kinachomtaka mteja afanye jambo: kuwaambia marafiki, kutuma maoni, kupiga simu, hata kujibu. Nambari ya kulipia haiwekwi, saa za kufungua haziwekwi, na picha ya rafu iliyojaa haiambatishwi hata kama imependeza.

Baraka ninaiacha pia, ijapokuwa nimelelewa katika kubariki watu. Katika orodha yangu kuna Waislamu, kuna Wakristo wa makanisa yasiyopatana, na kuna wasiopenda kuombewa na muuza sukari. Asante inawafikia wote.

Kilichobaki baada ya kukata ni hiki:

"Mama Fulani, friji yangu ilipokufa Agosti ulikuja kuchukua maziwa alfajiri wiki tatu nzima. Sijasahau. Asante sana. Ni mimi wa geti la kijani."

Ni maneno 22. "Sijasahau" niliitafuta kwa muda, kwani kabla yake palikuwa na "ulinisaidia sana," ambayo si kosa lakini ilimfanya mama wa watu aonekane kama mfadhili wangu, na yeye alikuja tu kununua maziwa. Na ule wa mzee wa mkate ulikuwa:

"Mzee, mkate wako wa jioni umeununua hapa tangu 2019, hata mvua ikinyesha. Nakushukuru kwa moyo wote. Ni mimi wa geti la kijani."

Zingatia kwamba zote mbili zinasema "mimi," na ya pili inasema "nakushukuru." Mwenye duka wa chumba kimoja akiandika "tunakushukuru," msomaji hujiuliza ni akina nani hao, na "uongozi wa duka" niliyoiweka mwaka 2022 ilichekwa hadi leo, maana uongozi ni mimi na mpwa wangu anayenisaidia siku za Jumamosi. Zingatia pia kwamba ni "wewe," si "nyinyi." Ukimwandikia mtu mmoja "asanteni" amejua papo hapo kwamba ameandikiwa pamoja na mtaa mzima. Maneno "kuchukua fursa hii" yaachie wasemaji wa majukwaani.

Kuhusu jina la kumwita, tumia lile unalolitumia dirishani na si lile linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa. Mama aliyezoea kuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza aitwe hivyo hivyo. Mzee aitwe mzee. Kijana aitwe kwa jina lake moja. Ukimwandikia jirani majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, atadhani ni ujumbe wa benki au wa mkopo. Na wewe mwenyewe jitambulishe kwa jina ambalo wateja wanalo kwa ajili yako. Duka langu lina jina lililoandikwa kwenye leseni ambalo hakuna anayelijua. Lina pia geti la kijani ambalo kila mtu anajua.

Nne, njia ya kuutuma

Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu ndio ninaoupendelea, kwa kuwa unafika kwenye simu ya aina yoyote na hauhitaji bando. Mpaka wake ni herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ule wa Mama Fulani una herufi 142, kwa hiyo unaingia wote katika ujumbe mmoja, wakati ule wa mwaka 2022 ulikatwa vipande viwili na ulinilipisha mara mbili kwa kila mtu.

Kuna mtego mmoja ambao niliugundua kwa salio langu. Mpaka wa 160 ni wa herufi za kawaida tu. Ukiweka emoji hata moja, au alama yoyote isiyokuwemo katika orodha ya herufi za kawaida za ujumbe wa simu, mpaka unashuka hadi 70 kwa ujumbe mzima, na ujumbe wako mmoja unageuka kuwa miwili au mitatu. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili mtego huo umejificha katika ng'. Baadhi ya simu na programu za kuandikia hugeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo katika orodha hiyo. Mwenzangu anayeuza nyama aliandika ng'ombe mara moja tu katika ujumbe wa herufi 120, akaona salio linakwenda mara mbili, na akalaumu mtandao kwa wiki nzima. Njia ya kugundua ni kutazama hesabu ndogo inayoonekana kando ya kitufe cha kutuma katika simu nyingi: ikiruka ghafla kutoka sehemu moja hadi mbili baada ya kuandika herufi moja, herufi hiyo ndiyo mkosaji.

WhatsApp inafaa kwa walio nayo, mradi umtumie kila mmoja kwa njia yake. Orodha ya matangazo hufikisha ujumbe kwa wale tu walioihifadhi nambari yako katika simu zao, na wengine hawapati kitu wala wewe huambiwi. Usiunde kikundi. Kikundi huonyesha nambari ya kila mtu kwa kila mtu, na kufikia jioni mmoja atakuwa anauza viazi ndani yake.

Sitaki kusema mengi juu ya kampuni zinazotuma jumbe nyingi kwa pamoja kwa jina la biashara. Kwa watu 41 hazihitajiki, na mara nyingi ujumbe unaokuja kwa jina hilo haujibiki, jambo ambalo linamfanya mteja ashukuriwe na ukuta. Kuwaandikia watu 41 mmoja mmoja kulinichukua muda wa saa mbili hivi, nikiwa nimegawa kazi kwa siku mbili, na nilibadilisha jina na tendo kila nilipohitaji. Wale tisa ambao tendo lao lilikuwa moja na la Mama Fulani walipata maneno yale yale, na hakuna ubaya, kwa kuwa yalikuwa kweli kwa kila mmoja wao.

Tano, siku na saa

Mwisho wa mwezi haufai, kwa sababu watu wana mshahara mfukoni na kodi ya nyumba mbele yao, na kila ujumbe kutoka kwa mwenye duka husomwa kama mkono ulionyooshwa. Desemba yenyewe nimeiacha kabisa. Kufikia katikati ya mwezi huo nusu ya ghorofa wamefunga mizigo kwenda mashambani, na simu zinajaa salamu za sikukuu kutoka kila kampuni iliyowahi kupata nambari yao. Januari, ambayo watu huiita Njaanuari kwa sababu wanazozijua wenyewe, ni mwezi wa karo na wa kukopa, kwa hiyo shukrani ndani yake hugusa kidonda.

Mimi hutuma katikati ya mwezi wa kawaida, kama Septemba au Februari, tarehe 12 hadi 18, Jumapili alasiri baada ya chakula. Usitume jioni ya siku ya kazi kuanzia saa kumi na mbili, kwani huo ndio wakati msururu uko dirishani na wewe mwenyewe utaonekana unabonyeza simu huku mtu anangoja mafuta ya kupima. Sharti jingine ambalo sivunji: ikiwa bei ya unga, sukari au maziwa imepanda wiki hiyo, ngoja. Shukrani inayokuja siku tatu baada ya bei kupanda inasikika kama mtu anayekupapasa bega baada ya kukukanyaga.

Kabla ya kutuma, mpe mtu mmoja asiyehusika na duka ausome, na usimwulize kama ni mzuri. Mwulize: "Unadhani ninataka nini?" Akijibu kwamba hutaki kitu, tuma. Mpwa wangu aliposoma rasimu yenye friji iliyotengenezwa alijibu, "Unataka wanunue maziwa," na ndipo nikaiondoa.

Majibu yakija

Wengi hawatajibu, na hilo lisikusumbue wala usiwaulize dirishani kama waliona ujumbe, kwa kuwa swali hilo linadai shukrani kwa ajili ya shukrani. Anayejibu "asante" anajibiwa kwa neno moja au mawili na mazungumzo yanaishia hapo. Anayekuuliza kama kuna ofa mwambie hapana, ilikuwa ni kumshukuru tu, na usitumie nafasi hiyo kumtajia kilichoshuka bei. Kama ungependa kumpa mtu nyongeza, mpe siku nyingine yoyote bila kuihusisha na ujumbe; vikiunganishwa, yule ambaye hakupata nyongeza atahesabu.

Jibu gumu ni lile la deni, na linaweza kuja hata ukiandika vizuri namna gani. Mara ya pili nilipotuma, mtu mmoja tu kati ya wale 41 aliandika kwamba atalipa akipokea. Nilimjibu hivi: "Hapana ndugu yangu, sikudai. Ilikuwa asante tu." Sikumwambia asijali, wala sikumwambia alipe akipata, kwa sababu yote mawili yangelirudisha deni mezani. Nililiacha katika daftari mahali lilipokuwa, nikamkumbusha mwezi uliofuata kwa njia ya kawaida, ana kwa ana, wakati hapakuwa na mtu mwingine dirishani.

Mama wa ghorofa ya nne hakujibu. Kesho yake asubuhi, saa moja kamili, mtoto wake alisimama kwenye wavu na sarafu zake mkononi, akaomba paketi mbili za maziwa, na alipokwisha kuzipokea akakumbuka: "Mama amesema siku ile ya kwanza ulimpa moja imevimba."

Nilimpa mtoto paketi ya tatu.